Wafanyakazi wangapi, biashara gani, makao wapi: namna ya kuisoma ripoti ya mwaka ya kampuni

*Mtaalamu, habari za kazi. Ninaandaa wasifu mfupi wa makampuni makubwa kwa wanafunzi wangu wa masomo ya biashara hapa Mwanza. Nahitaji mambo matatu tu: idadi ya wafanyakazi, biashara kuu na makao makuu. Shida ni kwamba majibu yanagongana. Apple nimeona 161,000, kwingine 164,000. Wenye mgodi wa Geita nimeambiwa wako Johannesburg, mwingine anasema London, mwingine Denver. Nikashauriwa nitumie ripoti za mwaka. Nimefungua moja, ina kurasa zaidi ya mia mbili. Naanzia wapi?*

Salama, mwalimu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: karibu yote uliyokutana nayo yana ukweli ndani yake. Idadi ya 161,000 imo katika ripoti ya Apple ya mwaka wa fedha 2023. Ile ya 164,000 imo katika ripoti ya 2022, na ikajirudia katika ripoti ya 2024. Johannesburg nayo ilikuwa jibu sahihi kwa wenye mgodi wa Geita hadi Septemba 2023. Kilichopotea njiani ni tarehe na maana ya kila jibu. Mtu amenakili namba, ameacha siku yake na maelezo ya nani amehesabiwa, na namba hiyo ikaanza kuzunguka peke yake. Kwa hiyo unapoifungua ripoti usitafute namba tupu. Tafuta namba pamoja na sentensi iliyoibeba.

Kabla ya kusoma, hakikisha una karatasi sahihi. Kampuni iliyoandikishwa katika masoko ya hisa ya Marekani huwasilisha ripoti ya mwaka kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya nchi hiyo, kwenye fomu iitwayo 10-K. Kampuni za kigeni zenye hisa kule mara nyingi hutumia fomu 20-F. Zote zinapatikana bure kwenye hazina ya tume hiyo, EDGAR, katika tovuti ya sec.gov. Andika jina la kampuni kisha chagua fomu. Usichukue 10-Q, ambayo ni ya robo mwaka na kwa kawaida haina idadi ya wafanyakazi. Ukiona 10-K/A ujue ni marekebisho, na huenda imebeba kipande kimoja tu cha ripoti. Kwa makampuni ya kwetu, nenda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, sehemu ya wawekezaji, au tovuti ya soko la hisa la Dar es Salaam au la Nairobi.

Sasa tuisome Apple, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja na ripoti yake ni fupi kuliko nyingi. Chukua 10-K ya mwaka wa fedha 2023. Ukurasa wa kwanza kabisa, ambao watu wengi huuruka, una anwani ya ofisi kuu ya utendaji: One Apple Park Way, Cupertino, California. Pembeni yake kuna jimbo ambako kampuni imesajiliwa, nalo ni California. Vilevile kuna tarehe ya mwisho wa mwaka wa fedha: 30 Septemba 2023. Apple hufunga hesabu zake Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kwa hiyo tarehe hiyo husogea kila mwaka. Andika tarehe hiyo kwenye daftari kabla ya kwenda mbele, kwa sababu kila namba utakayoikuta humo itaegemea hapo.

Idadi ya wafanyakazi iko katika kipengele cha kwanza cha ripoti, kile kinachoeleza biashara ya kampuni, chini ya kichwa cha rasilimali watu. Usihangaike kupekua. Bonyeza Ctrl+F uandike:

```
employees
```

Neno hilo litatokea mara nyingi, ila sentensi unayoitaka huanza kwa kutaja siku. Katika ripoti hii inasema kuwa kufikia tarehe 30 Septemba 2023 kampuni ilikuwa na takriban wafanyakazi 161,000 wanaolingana na wa muda wote. Hapo kuna mambo matatu ya kushika. Kwanza ni neno takriban, yaani namba imekadiriwa hadi maelfu. Usiwaambie wanafunzi kwamba Apple ina watu 161,000 kamili. Pili ni siku yenyewe. Tatu, na hili ndilo linalopotosha zaidi, hiyo si hesabu ya vichwa. Ni hesabu ya ajira zilizogeuzwa kuwa za muda wote. Wauzaji wawili wa dukani ambao kila mmoja anafanya nusu ya saa za kawaida huhesabiwa kuwa mmoja. Kampuni yenye maduka mengi ikihesabu vichwa hupata namba kubwa zaidi kuliko ikihesabu kwa njia hiyo, na ndiyo maana usiiweke Apple kando ya kampuni nyingine kwenye jedwali moja bila kuonyesha kila moja imehesabu vipi.

Kuna swali lingine ambalo mwanafunzi makini atakuuliza: je, wale wanaounganisha simu viwandani wamo? Hawamo. Ripoti hiyohiyo inaeleza kuwa karibu vifaa vyote vya Apple hutengenezwa na washirika wa nje, walio hasa Asia. Wale ni wafanyakazi wa makampuni mengine. Hivyo 161,000 inakuambia ukubwa wa mwajiri, haikuambii ni watu wangapi wanaishi kwa kazi ya kutengeneza bidhaa zake. Kwa kampuni ya aina hii tofauti ni kubwa mno, na mimi huona wasifu usiolitaja jambo hilo umemnyima msomaji kitu cha msingi.

Twende kwenye biashara kuu, mahali ambapo wengi hukosea hata wakiwa na ripoti mkononi. Ndani ya hesabu zilizokaguliwa, kuelekea mwisho wa ripoti, kuna maelezo yanayogawa kampuni katika vitengo. Yatafute hivi:

```
segment
```

Ukifika hapo kwenye Apple utashangaa. Hukuti simu, kompyuta na huduma. Unakuta Amerika, Ulaya, China Kuu, Japani, na sehemu iliyobaki ya Asia na Pasifiki. Apple huripoti vitengo vyake kwa maeneo ya dunia, na sababu yake iko kwenye kanuni. Katika viwango vya uhasibu vya Marekani, na pia katika kiwango cha kimataifa cha IFRS 8 kinachotumika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, kitengo cha kuripoti hakichaguliwi kwa kuangalia bidhaa. Huchaguliwa kwa kuangalia namna mfanya maamuzi mkuu wa kampuni anavyoletewa taarifa ili agawe fedha na kupima utendaji. Kama mezani kwa mkurugenzi mkuu hesabu zinafika zikiwa zimepangwa kwa mabara, ripoti nayo itapangwa kwa mabara. IFRS 8 inaongeza vipimo: kitengo kinachofikia asilimia 10 ya mapato, au ya faida, au ya mali, lazima kionyeshwe peke yake, na vitengo vilivyoonyeshwa kwa jumla vifikie angalau asilimia 75 ya mapato yanayotoka kwa wateja wa nje. Vidogo vinavyobaki hukusanywa kwenye mstari wa vinginevyo.

Kwa hiyo katika mwaka huo Amerika ilileta dola bilioni 162.6, Ulaya 94.3, China Kuu 72.6, Japani 24.3 na Asia na Pasifiki iliyobaki 29.6. Jumla ya namba kamili ni bilioni 383.3. Ukijumlisha hizi nilizozikadiria utapata 383.4, tofauti inayoletwa na kukadiria tu. Sasa fanya jambo ambalo napenda kila anayesoma ripoti alizoee: ujumlishe mwenyewe, kisha uilinganishe jumla yako na mapato yaliyo juu kabisa ya taarifa ya mapato na matumizi. Ripoti ya Apple imeandikwa kwa mamilioni, na ukijumlisha namba zake kamili unapata 383,285, sawasawa na ile ya juu. Zisipolingana katika kampuni nyingine, mara nyingi kuna mstari wa mauzo ya ndani kati ya vitengo, ambao huondolewa ili kampuni isijihesabie mapato yaliyotoka kwake yenyewe. Utafute mstari huo kabla ya kudhani kuna kosa.

Soma pia maneno yanayofafanua kila kitengo, maana jina la kitengo halifuati ramani ya ukutani. Ulaya ya Apple imebeba nchi za Ulaya pamoja na India, Mashariki ya Kati na Afrika. Simu inayouzwa Kariakoo, ikiwa imepitia kwa msambazaji wa Apple wa eneo hili, imo ndani ya zile bilioni 94.3 za Ulaya. Anayeandika kwamba Wazungu walinunua bidhaa za Apple za thamani hiyo anapotosha, japo namba aliyonayo ni sahihi.

Jambo hili liko hata karibu na nyumbani. Airtel Africa, kampuni inayofanya biashara katika nchi 14 za Afrika, hugawa huduma zake za simu katika Nigeria, Afrika Mashariki na Afrika inayozungumza Kifaransa, na huduma ya pesa kwa simu imesimama kama kitengo cha peke yake. Afrika Mashariki yake ina Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, lakini pia Zambia na Malawi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, iko upande wa Kifaransa. Mwanafunzi akichukua mapato ya kitengo hicho akayaita mapato ya Jumuiya, ameongeza nchi mbili na kuacha moja kubwa sana.

Turudi kwenye Apple, kwa maana bado hatujajibu wanauza nini. Jibu liko kwenye jedwali lingine, lile linalochanganua mapato kwa aina ya bidhaa. Mwaka huo simu za iPhone zilileta dola bilioni 200.6, huduma bilioni 85.2, vifaa vya kuvaa pamoja na vya nyumbani bilioni 39.8, kompyuta za Mac bilioni 29.4, na iPad bilioni 28.3. Jumla ni ileile 383,285 kwa mamilioni. Keki moja imekatwa kwa njia mbili. Katika wasifu wako andika kwamba biashara kuu ya Apple ni simu, zilizoleta zaidi ya nusu ya mapato, na kwamba vitengo vyake vya kuripoti ni maeneo matano ya dunia. Ukiziita simu na huduma vitengo, mtu atakayetafuta faida ya kila kimoja hataiona, kwa sababu faida ya uendeshaji imeonyeshwa kwa vitengo vya maeneo, wala si kwa bidhaa mojamoja.

Na angalia usiwe mwepesi wa kuita kitu biashara kuu kwa mapato pekee. Kampuni inaweza kuwa na kitengo chenye mauzo makubwa na faida nyembamba, na kingine kidogo kinachobeba faida. Ripoti ikitoa faida ya kila kitengo, taja zote mbili.

Sasa Geita. Mgodi unaendeshwa na Geita Gold Mining Limited, ambayo ni kampuni tanzu ya AngloGold Ashanti. Kwa miaka mingi kampuni mama ilikuwa AngloGold Ashanti Limited, yenye makao yake Johannesburg. Septemba 2023 kundi zima lilipangwa upya. Kampuni mama ikawa AngloGold Ashanti plc, iliyosajiliwa Uingereza chini ya sheria za Uingereza na Wales, soko lake kuu la hisa likawa New York, na makao makuu yakahamishiwa eneo la Denver katika jimbo la Colorado. Kwa hiyo aliyekuambia Johannesburg amesoma ripoti ya zamani. Aliyekutajia London huenda amechanganya nchi ya usajili na mahali wanapokaa wakubwa. Wa Denver ndiye aliye karibu na jibu unalolitaka. Ukisoma anwani yenyewe utakuta imeandikwa Greenwood Village, mji mdogo ulio ndani ya eneo la Denver. Kwa wanafunzi Denver inatosha, ila wewe mwenyewe ujue kwa nini anwani inasoma hivyo.

Kisa hiki kinaonyesha kwamba ndani ya neno makao makuu kuna mambo mawili ambayo ripoti huyataja mbalimbali. Kuna ofisi iliyosajiliwa, ambayo ni anwani ya kisheria katika nchi ya usajili, mahali zinapopelekwa barua za serikali na mahakama. Inaweza kuwa ofisi ndogo tu, au hata ofisi ya kampuni ya mawakili. Kisha kuna ofisi kuu ya utendaji, wanakoketi wakurugenzi wanaoendesha kazi za kila siku. Walmart, kwa mfano, imesajiliwa Delaware lakini inaendeshwa kutoka Bentonville, Arkansas. Kwa wasifu wa kawaida unachotaka ni ofisi kuu ya utendaji. Katika fomu za Marekani iko ukurasa wa mbele, na unaweza kuithibitisha katika kipengele cha pili kinachohusu majengo na mali. Katika ripoti za viwango vya kimataifa tafuta maelezo ya kwanza ya hesabu, yanayoitwa taarifa za jumla. Kiwango cha IAS 1 kinaidai kampuni itaje humo aina yake kisheria, nchi iliposajiliwa, anwani ya ofisi iliyosajiliwa au ya mahali pakuu pa biashara kama ni tofauti, aina ya shughuli zake, na jina la kampuni mama. Isipoyaeleza hapo lazima iyaeleze kwenye kurasa nyingine zilizochapishwa pamoja na hesabu. Mimi nikifungua ripoti ya kampuni ya Dar au Nairobi nisiyoifahamu, huanzia hapo. Aya moja fupi, na theluthi mbili za kazi yako imekwisha.

Theluthi iliyobaki ndiyo ngumu, kwa sababu viwango hivyo vya kimataifa havilazimishi kampuni kutoa idadi ya wafanyakazi. Vinadai gharama za mishahara na mafao, si idadi ya watu. Idadi huletwa na sheria na kanuni za nchi, na ndiyo maana hukaa sehemu tofauti kutoka nchi moja hadi nyingine. Tanzania una bahati. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu imeweka kiwango chake, TFRS 1, kinachohusu ripoti ya wasimamizi wa kampuni, ile iliyokuwa ikiitwa ripoti ya wakurugenzi. Humo kuna desturi iliyokomaa ya kutaja wafanyakazi wanawake na wanaume. Usianze na neno la wafanyakazi, utazama. Andika:

```
gender parity
```

Mara nyingi utatua moja kwa moja kwenye aya inayosema kufikia 31 Desemba kampuni ilikuwa na wafanyakazi kadhaa, kati yao wanawake kadhaa na wanaume kadhaa, pamoja na namba za mwaka uliotangulia. Jumlisha wanawake na wanaume uone kama wanatimia. Katika ripoti za Kenya tafuta maelezo ya gharama za wafanyakazi ndani ya hesabu, maana mara nyingi idadi huandikwa chini ya jedwali hilo.

Ukiwa hapo, jiulize namba ni ya nani. Hesabu za kampuni zenye kampuni tanzu mara nyingi huwa na safu mbili, ya kundi zima na ya kampuni mama pekee. Chukua CRDB. Ina benki tanzu Burundi tangu 2012, na nyingine Kongo iliyoanza kazi 2023. Idadi ya wafanyakazi wa benki ya Tanzania na idadi ya kundi ni namba mbili zilizo halali, na zote zinaweza kuwemo katika ripoti moja. Kama mapato uliyoandika ni ya kundi, wafanyakazi nao wawe wa kundi. Kosa la kuchanganya safu hizi ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika kazi za wanafunzi, na hujitokeza pale mtu anapogawa mapato kwa idadi ya wafanyakazi akapata kiasi kikubwa kisichoaminika.

Halafu kuna wastani. Sheria ya makampuni ya Uingereza ya 2006 inadai kampuni itaje wastani wa wafanyakazi wa mwaka: unajumlisha walioajiriwa kila mwezi, kisha unagawa kwa idadi ya miezi. Kampuni yoyote iliyosajiliwa kule, hata kama migodi au minara yake iko Afrika, itakupa wastani huo katika maelezo ya hesabu. Mara nyingi wastani na idadi ya siku ya mwisho hukaribiana. Huachana kampuni inapopunguza watu kwa wingi au inaponunua nyingine. KCB ya Kenya ilikamilisha ununuzi wa asilimia 85 ya Trust Merchant Bank ya Kongo Desemba 2022. Tuseme kwa mfano wa darasani benki ina watu 6,000 kwa miezi 11, na mwezi wa 12 inanunua nyingine na kufikia watu 7,500. Siku ya kufunga hesabu ni 7,500, lakini wastani ni 6,125. Hakuna aliyedanganya. Unapotaka kusema kampuni ina ukubwa gani leo, chukua ya mwisho wa mwaka. Unapotaka kugawa mapato au mishahara ya mwaka kwa mtu mmoja, chukua wastani, kwa sababu wale 1,500 wamelipwa mwezi mmoja tu.

Kwa migodi ongeza tahadhari ya wakandarasi. Wachimbaji, walinzi, wapishi na madereva wengi mgodini huajiriwa na makampuni mengine yenye mkataba na mgodi. Baadhi ya ripoti huwahesabu pamoja na waajiriwa, nyingine huwatenga, nyingine hutoa zote mbili. Katika fomu 20-F idadi iko kipengele cha 6, kifungu cha D, nayo hutolewa kwa miaka mitatu. Soma tanbihi iliyo chini ya jedwali kabla ya kuchukua chochote. Ukikuta ripoti mbili za kampuni moja zinatofautiana kwa maelfu na hakuna habari ya kufunga mgodi wala kupunguza watu, mshuku mkandarasi kwanza.

Kuna vikwazo vya kawaida ambavyo havihitaji maneno mengi. Ukitafuta neno ukapata sifuri, jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya. Usipochagulika, ripoti ni picha za karatasi, na itabidi ufuate yaliyomo kwa mkono. Angalia kichwa cha jedwali kama fedha ni kwa maelfu au mamilioni, kwani kampuni hiyohiyo inaweza kubadilisha kati ya kurasa za mbele na hesabu. Na majina ya miaka yanadanganya: mwaka wa fedha 2024 wa Walmart uliisha 31 Januari 2024, kwa hiyo karibu wote ni mwaka 2023 wa kalenda. Airtel Africa na Safaricom hufunga 31 Machi.

Swali ambalo huenda litakujia ni ukikuta namba mbili ndani ya ripoti ileile. Kurasa za mbele zenye picha na maandishi makubwa huandikwa na watu wa mawasiliano, nao hupenda namba nzima na za kujumlisha kila mtu. Kurasa za nyuma ndizo hesabu zilizokaguliwa. Idadi iliyo katika maelezo ya hesabu imepita chini ya macho ya mkaguzi kama sehemu ya hesabu. Iliyo kwenye ripoti ya wasimamizi au kurasa za mbele ni taarifa nyingine, ambayo mkaguzi huisoma ili kuona kama inapingana na hesabu, bila kuithibitisha kama anavyothibitisha mizania. Zikigongana, mimi huchukua ya kwenye hesabu kwanza, ya wasimamizi pili, na ya mbele huiacha isipokuwa hakuna nyingine.

Hivi ndivyo ningeiandika Apple kwenye karatasi ya darasa lako, ili mwanafunzi yeyote aweze kurudi kwenye chanzo akakagua. Wafanyakazi: takriban 161,000, kwa hesabu ya ajira za muda wote, kundi zima, 30 Septemba 2023, waunganishaji wa viwanda vya nje hawamo. Biashara kuu: simu, zaidi ya nusu ya mapato ya dola bilioni 383.3, huduma zinafuata. Vitengo vya kuripoti: Amerika, Ulaya (pamoja na India, Mashariki ya Kati na Afrika), China Kuu, Japani, Asia na Pasifiki iliyobaki. Makao makuu: Cupertino, California, imesajiliwa California. Chanzo: fomu 10-K ya mwaka wa fedha 2023, ukurasa wa mbele, kipengele cha 1, na maelezo ya vitengo katika hesabu.

Kwa AngloGold Ashanti anza na ripoti iliyotolewa baada ya Septemba 2023, ukurasa wa mbele, kisha nenda kwenye jedwali la wafanyakazi na tanbihi zake. Ukikwama kwenye mgawanyo wa waajiriwa na wakandarasi, nitumie namba ya ukurasa tuusome pamoja.